Watu 1,800 wa Dodoma na Singida: uchambuzi wa ombi la tangazo kwa kiwanda cha alizeti

Kisa kinamhusu dada mmoja wa Dodoma mjini anayetengeneza video za mapishi ya nyumbani, na kiwanda kidogo cha kukamua alizeti kilichoko Kizota. Dada anataka kiwanda kimlipe atangaze mafuta yao. Kiwanda kinauza chupa za lita 1 na madumu ya lita 5 na 20 kupitia maduka ya jumla ya Dodoma na Singida. Dar es Salaam hakina duka hata moja. Wahusika na namba zote humu ni za mfano, ila hesabu ni zile zile ambazo yeyote anaweza kuzifanya kwenye akaunti yake leo.

Rasimu ya kwanza ya ombi ilikuwa fupi:

"Habari. Mimi ni mtengeneza maudhui mwenye wafuasi zaidi ya 59,000. Video zangu huangaliwa na watu hadi 212,000. Naomba tushirikiane kutangaza bidhaa yenu. Bei ya video moja ni TSh 1,500,000."

Ukiitazama haraka haina uongo wa wazi. Instagram ana wafuasi 41,200, TikTok ana 18,500, ukijumlisha unapata 59,700. Namba 212,000 nayo imo kwenye simu yake kweli. Lakini meneja masoko akiamini barua hii atalipa pesa kwa kitu ambacho hakipo, na siku ya kuhesabu madumu yaliyouzwa dada atakuwa amempoteza mteja ambaye angeweza kukaa naye miaka.

Kwanza, wafuasi wa mitandao miwili hawajumlishwi. Shabiki wa mapishi yake aliyeko Instagram mara nyingi ndiye huyo huyo aliyemfuata TikTok, na hakuna mtandao utakaokuonyesha ni wangapi wamejirudia. Njia salama ni kuandika kila mtandao peke yake, kisha kuchagua mmoja utakaoubeba mzigo wa tangazo. Hapa ni Instagram, kwa kuwa huko ndiko wanawake wenye nyumba zao wanakomuuliza vipimo.

Pili, 212,000 si watu. Hiyo ni namba iliyo kwenye sehemu inayosomeka Views, inayohesabu mara ambazo video imechezwa. Mtu akiirudia mara tatu ili ashike kipimo cha chumvi, amehesabiwa mara tatu, na video za mapishi hurudiwa sana. Namba iliyo karibu na watu ni Accounts reached, yaani akaunti tofauti zilizoifikia video, na kwa video ile ilikuwa 148,000. Hata hiyo ni makadirio, maana mtu mmoja anaweza kuwa na akaunti mbili na simu moja ikatazamwa na mtu na dada yake. Ila angalau inahesabu vichwa badala ya kuhesabu mara ambazo video imechezwa.

Tatu ndiyo kubwa zaidi. Video ile ilikuwa moja. Neno "hadi" limebebeshwa kazi ya kuifanya video iliyopaa mara moja ionekane ndiyo kawaida ya ukurasa.

Kupata namba ya kawaida

Dada alirudi kwenye akaunti yake akachukua video 12 za mwisho, zote zilizokaa hewani angalau siku 14, kwa sababu video ya jana bado inapanda na ingeshusha hesabu bila haki. Akaandika akaunti zilizofikiwa na kila moja, kuanzia ndogo: 5,100, 5,600, 6,200, 6,400, 6,900, 7,300, 7,700, 8,200, 8,800, 9,600, 11,400, na ile ya 148,000.

Ukijumlisha zote na kugawa kwa 12 unapata takriban 19,270. Tazama tena orodha. Hakuna video nyingine iliyofika hata 12,000. Wastani huu hauelezi video yoyote kati ya zilizopo, kwa sababu video moja imeuvuta juu peke yake. Anayemwahidi meneja watu 19,000 anaahidi kitu alichokipata mara moja katika mara kumi na mbili.

Kinachofaa hapa ni namba ya katikati. Ukishazipanga kuanzia ndogo kwenda kubwa, chukua ya sita na ya saba, yaani 7,300 na 7,700, uzijumlishe na kugawa kwa mbili. Jibu ni 7,500. Video iliyopaa inabaki kwenye orodha bila kufichwa, lakini haitawali tena. Pamoja na namba hiyo aliandika pia chini na juu: ukiiacha ile moja, video zake hufika kati ya 5,100 na 11,400. Meneja anahitaji kujua upana huo, kwa sababu yeye atanunua video moja au mbili, na moja inaweza kabisa kuangukia upande wa 5,100.

Hakuchagua video zilizofanya vizuri tu, na alilisema hilo kwenye barua: "video 12 za mwisho mfululizo, bila kuruka". Maneno hayo machache yana uzito, maana meneja anaweza kushuka kwenye ukurasa mwenyewe akahakiki.

Wangapi wako mahali mafuta yanapouzwa

Sasa tunafika palipomuuma. Kwenye taarifa za wafuasi, orodha ya miji ilisomeka hivi: Dar es Salaam asilimia 38, Dodoma 21, Arusha 7, Mwanza 6, Singida 3. Wengine wametawanyika. Dodoma na Singida kwa pamoja ni asilimia 24.

Chukua 7,500 uzidishe kwa 0.24. Unapata 1,800.

Hii ndiyo namba ya kumpelekea meneja. Kwa ukurasa wenye wafuasi 41,200, video ya kawaida inawafikia takriban watu 1,800 wanaoweza kushuka duka la jirani wakakuta dumu lile rafuni. Wa Kinondoni na Ilala wataipenda video, wataihifadhi, watauliza bei, halafu hawatakuwa na pa kununua.

Hesabu hii ina mipaka yake, na dada aliutaja wa kwanza kwenye barua. Asilimia za miji ni za wafuasi, wakati video huonwa pia na wasiofuata, ambao miji yao inaweza kuwa tofauti. Pia mji ni makadirio ya mtandao wenyewe. Kwa Dodoma ongeza jambo lingine: wakati wa Bunge la Bajeti mji hujaa wageni, na UDOM ikifungwa wanafunzi hurudi kwao. Kwa hiyo asilimia zichukuliwe wiki ile ile ya kutuma ombi, na tarehe iandikwe. Ukituma Juni picha ya skrini ya Februari, hata kama huna nia mbaya, umempa mtu namba za mji mwingine.

Ile video iliyopaa ilifanya madhara yake hapa pia. Ilileta wafuasi wengi wa nje, na asilimia ya Dodoma ikashuka. Mtu akijisifu kwamba amekua ghafla, meneja wa kiwanda cha Kizota ana haki ya kuuliza amekua wapi.

Barua yenyewe

Baada ya hesabu hizo barua ilibadilika. Ilitumwa mwishoni mwa Juni kwa sababu mbili. Kanda ya Kati huvuna alizeti kuanzia karibu Mei, hivyo kiwanda kina mbegu mpya na kinatafuta soko. Tena kuna muda wa kutosha kabla ya Nanenane ya Nzuguni mwanzoni mwa Agosti. Ukiacha sehemu ya bei, ambayo tutaiona baadaye, ilisomeka hivi:

"Ndugu Meneja Masoko,

Yah: Pendekezo la kutangaza mafuta ya alizeti kwa video mbili za mapishi

Habari za kazi. Ninatengeneza video za mapishi ya nyumbani nikiwa Dodoma. Nimeona mafuta yenu kwenye maduka ya Majengo na Sabasaba, na ninapendekeza video mbili fupi za Instagram zinazoonyesha mafuta hayo yakipikia vyakula vya kila siku.

Namba zangu hadi tarehe ya barua hii: wafuasi 41,200 Instagram. Video zangu 12 za mwisho mfululizo, bila kuruka, kwa kawaida zimefikia akaunti 7,500 kila moja. Ya chini 5,100, ya juu 11,400. Video moja ilifika 148,000. Siitumii kwenye ahadi hii kwa sababu haijajirudia.

Wafuasi wangu walioko Dodoma na Singida ni asilimia 24. Kwa hiyo nakadiria kila video itawafikia watu 1,800 wa maeneo mnayouza. Ni makadirio: asilimia ni za wafuasi, na video huonwa na wasiofuata pia. Nusu ya waliobaki wako Dar es Salaam, ambako najua hamjafika.

Nimewahi kumtangazia muuza viungo mmoja wa soko la Majengo kwa video moja. Ilifikia akaunti 6,900, wakatuma ujumbe watu 23, wakanunua 9. Ameniruhusu kutaja matokeo hayo.

Niko tayari kufika ofisini kwenu na simu yangu mzione namba hizi zikiwa hewani."

Kifungu cha muuza viungo kilimtia wasiwasi, kwa sababu 9 inaonekana ndogo. Lakini ndicho kifungu chenye nguvu kuliko vyote. Meneja wa kiwanda anajua mauzo. Mtu anayemletea namba 9 pamoja na namba 6,900 amemwonyesha kwamba alifuatilia hadi mwisho, na amempa kipimo cha kujipangia matarajio. Angeandika "tangazo langu lililopita lilifanya vizuri sana", meneja asingekuwa na cha kushika.

Mwaliko wa kufika na simu nao si adabu tu. Picha ya skrini hubadilishwa kwa dakika chache, na wenye viwanda wameshaanza kulijua hilo. Simu ikiwa mezani, meneja anaweza kuomba afunguliwe video yoyote anayoitaka, na pia atazame mchoro wa ukuaji wa wafuasi. Wafuasi walionunuliwa hujionyesha hapo: mstari unaruka wima kwa siku moja au mbili, halafu unashuka pole pole mtandao unapozifuta akaunti bandia, huku video zenyewe zikiwa hazijapanda hata kidogo.

Bei inayobeba hesabu

Ombi la kwanza la TSh 1,500,000 kwa watu 1,800 lilikuwa sawa na shilingi 833 kwa kila mtu wa eneo la mauzo aliyefikiwa. Meneja mwenye kikokotoo atalikataa, na atakuwa sahihi.

Dada alianzia upande wa gharama zake. Video moja inamgharimu viungo na vyakula 45,000, mpiga picha na uhariri 110,000, usafiri na mkaa na gesi 25,000. Hiyo ni 180,000 kabla hajajilipa yeye. Akaongeza 100,000 ya kazi yake: kubuni, kupika mara mbili, kusoma na kujibu maswali ya siku tatu za kwanza. Video moja ikawa 280,000, mbili 560,000. Kwa makadirio ya 1,800 kila moja, video mbili zinaleta mafikio 3,600 ya Dodoma na Singida, karibu shilingi 156 kila moja. Hakuandika "watu 3,600", na alifanya vyema, maana aliyeona ya kwanza anaweza kuiona na ya pili.

Lakini kitu kilichoipa barua thamani mpya ni kipengele kilichozaliwa na ule udhaifu wa Dar es Salaam. Alipendekeza kiwanda kiweke TSh 150,000 yake chenyewe kuzisukuma video zile zile kama tangazo la kulipia, likilenga Dodoma na Singida peke yake. Pesa hiyo haipiti mkononi mwake. Kiwanda kinailipa moja kwa moja kwenye mtandao. Kwa haki ya kutumia video kwenye matangazo hayo na kwenye makundi yao ya WhatsApp kwa miezi mitatu, aliomba 120,000. Jumla ya malipo yake ikawa TSh 680,000.

Hapo meneja hanunui tena ukurasa wenye watu wa mbali. Ananunua video mbili nzuri zenye uso ambao wakazi wa Area D na Nkuhungu wanaufahamu, kisha anazipeleka anakotaka.

Kuhusu kodi, barua ilisema wazi kwamba 680,000 ni kabla ya makato. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, malipo kwa mtengeneza maudhui ya kidijitali mkazi wa Tanzania hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Kiwanda kitakata 34,000, kitampa 646,000 na hati ya kodi ya zuio. Wasipolisema hili mwanzo, ugomvi huja siku ya malipo, kila mmoja akidhani mwenzake amemdhulumu.

Swali la meneja

Jibu lilikuja kwa WhatsApp baada ya siku nne: "Dada habari. Barua nimeisoma. Sasa mbona wewe unasema watu 1,800 na kuna kijana katuletea laki mbili kwa bei hiyo hiyo?"

Hapa wengi huanza kumsema vibaya mshindani, au hupunguza bei kwa woga. Dada alijibu: "Salama kaka, ahsante. Mwombe akuonyeshe vitu vitatu: akaunti zilizofikiwa na video zake 12 za mwisho, asilimia ya Dodoma na Singida, na tarehe. Ukipata hizo, zidisha kama nilivyofanya mimi. Akinizidi, mchukue yeye."

Ni jibu linalomkabidhi meneja kipimo badala ya maneno. Huenda yule kijana kweli ana watu wengi zaidi wa Dodoma, na kama ndivyo kiwanda kinastahili kujua.

Meneja aliongeza sharti: video iseme mafuta hayana kolestero na yanatibu presha. Dada alikataa la pili kabisa, kwa kuwa hakuna mafuta ya kupikia yanayotibu presha. La kwanza ni kweli, lakini ni kweli kwa kila mafuta ya mimea, hivyo kulitangaza kama sifa ya kiwanda kimoja kunampotosha mnunuzi. Walikubaliana aonyeshe kinachoonekana jikoni, aitaje alama ya ubora ya TBS baada ya kuiona leseni yake kwa macho, na video ibebe lebo ya ushirikiano wa kulipwa.

Kupima bila kujidanganya

Mkataba wa kurasa mbili ulitaja siku 14 za kuhesabu tangu kila video itoke. Kwenye wasifu wake dada aliweka kiungo kinachofungua WhatsApp ya kiwanda, ujumbe ukiwa umeshaandikwa:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naomba%20bei%20ya%20dumu%20la%20lita%205%20-%20JIKONI
```

Kila ujumbe wenye neno JIKONI umetoka kwake. Kasoro yake ni kwamba watu hulifuta neno hilo, na wengine hupiga simu au wanaenda moja kwa moja dukani. Kwa hiyo maduka matatu ya jumla yaliombwa kumuuliza kila mnunuzi wa dumu amesikia wapi, na kuchora kijistari kwenye daftari. Wauzaji husahau siku za msongamano, na ripoti ilikiri hivyo.

Video ya kwanza ilifika akaunti 8,100, ya pili 4,900, chini hata ya ile ndogo iliyotajwa kwenye barua. Dada aliiandika hivyo hivyo, na sababu aliyoiona: sekunde tano za mwanzo zilionyesha dumu badala ya chakula, na mchoro wa watazamaji uliporomoka hapo hapo. Ujumbe wenye neno JIKONI ulikuwa 31. Kumi na wawili kati yao walikuwa Dodoma na Singida na walinunua. Kumi na mmoja walikuwa Dar es Salaam wakiuliza namna ya kutumiwa. Wanane hawakujibu walipotajiwa bei. Vijistari vya madukani vilikuwa 17, vikawekwa safu yao, kwa sababu baadhi yao huenda ni wale wale 12. Waliofikiwa na tangazo la kulipia nao waliwekwa safu yao, wasichanganywe na waliokuja wenyewe.

Kwa kuwa video ya pili ilishuka chini ya 5,100, dada alijitolea kuihariri upya mwanzo wake bila malipo. Meneja alikubali, kisha akauliza gharama ya kusafirisha madumu 20 kwenda Dar es Salaam kwa basi.